Herufi iliyopotea kati ya kompyuta na karatasi

Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikifanya kazi za mchana katika ofisi moja ya tafsiri na uandishi kwenye barabara ya Kasenga, hapa Lubumbashi. Asubuhi nasoma isimu, mchana nalinda kompyuta. Ofisi ina kompyuta 18, printa 3 na seva moja inayotunza akaunti za wafanyakazi na faili zao. Nilipoajiriwa niliambiwa kwamba kazi yangu ni ndogo: kuhakikisha kila mtu anaweza kuchapisha. Sikujua kwamba kazi hiyo ndogo ingenirudisha kwenye daftari langu la fonolojia.

Mkasa ulianza siku ambayo yaya mmoja wa kitivo chetu alikuja na memwari yake kwenye kijiti cha USB. Ilikuwa saa nne asubuhi, na alitakiwa kuweka nakala tano kabla ya saa sita. Memwari yake ilihusu toni katika Lingala, na ukurasa wa kwanza wa orodha ya maneno ulikuwa na utatu ule ambao kila mmoja wetu ameuona darasani: moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto unaounguza. Nikachapisha kutoka kompyuta ya chumba cha watafsiri. Moto ilitoka vizuri. Motó ilitoka vizuri. Lakini mahali pa mɔ́tɔ palikuwa na m, nafasi tupu, t, na nafasi tupu nyingine. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo: kila ɔ na kila ɛ ilikuwa imeng'olewa kama jino.

Yaya aliangalia karatasi, akaniangalia mimi. “Unaona vile memwari yangu iko inakuwa? Batasema sijue kuandika.”

Mama wa sekretarieti, ambaye amefanya kazi pale kabla mimi sijazaliwa, alichukua kile kijiti, akakichomeka kwenye kompyuta yake, akachapisha kwenye printa ileile. Maneno yote yakatoka kamili, toni na yote. Yaya aliondoka na nakala zake tano, akafika kwa wakati. Mimi nilibaki na swali: faili ni moja, printa ni moja, karatasi ni moja. Kwa nini kompyuta moja imeandika mɔ́tɔ na nyingine haikuweza?

Jibu liko kwenye kile ambacho sisi huku tunakiita piloti, kwa kufuata Kifaransa, na ambacho vitabu vya Kiswahili vinakiita kiendeshi. Kompyuta haitumi herufi kwa printa kama mtu anavyotuma barua. Kiendeshi huchukua ukurasa na kuutafsiri katika lugha ambayo printa inaielewa. Lugha hizo ni zaidi ya moja. Printa yetu kubwa inaelewa mbili, PostScript na PCL, na PCL yenyewe ina vizazi: PCL 5 na PCL 6. Kwa hiyo printa moja inaweza kuwa na viendeshi kadhaa, kila kimoja kikitafsiri kwa njia yake.

Jioni ile nilipita kwenye kompyuta zote 18 na kuandika amri moja kwa kila moja:

```
Get-Printer | Select-Object Name, DriverName, PortName
```

Kwa printa ile moja nilikuta viendeshi vinne. Cha PostScript kilikuwa kwenye chumba cha watafsiri. Vya PCL 6 vilikuwa vya aina mbili, cha zamani na kipya, na kompyuta mbili za uhasibu zilikuwa bado na PCL 5. Kila fundi aliyepita pale kabla yangu alikuwa ameweka kile alichokuja nacho kwenye mfuko wake.

Kisha nikafungua mipangilio ya kiendeshi cha PostScript. Ndani ya `Advanced` kulikuwa na mstari unaosema `TrueType Font: Substitute with Device Font`. Maana yake ni kwamba kompyuta inapokutana na Times New Roman, haitumi michoro ya herufi zake. Inaiambia printa itumie fonti ya Times iliyomo ndani ya printa. Kazi inakuwa nyepesi na inachapishwa haraka, na kwa barua ya Kifaransa hakuna atakayeona tofauti. Lakini fonti ya ndani ya printa yetu ilikuwa na herufi za lugha za Ulaya tu. Herufi ó ilikuwemo, kwa sababu Kihispania na Kireno vinaitumia, na katika Unicode ina namba yake, U+00F3. Herufi ɔ yenye namba U+0254 haikuwemo. Na ɔ́ ni ngumu zaidi, maana haina namba yake yenyewe: ni ɔ ikifuatwa na alama ya toni U+0301 inayokaa juu yake. Ndiyo sababu motó ilipona na mɔ́tɔ ikafa.

Nilitaka kuhakikisha kabla ya kumlaumu yeyote, nikafanya majaribio mawili. Kwanza nilichapisha ukurasa uleule kwenye `Microsoft Print to PDF` kutoka kompyuta ile mbovu. Ɔ zote zilikuwepo. Basi faili na fonti za kompyuta hazina kosa. Pili nilibadilisha fonti ya ukurasa kuwa Charis SIL, ambayo haina ndugu yake ndani ya printa, nikatuma tena kwenye printa. Ɔ zikarudi. Kompyuta haikupata cha kubadilishana nacho, ikalazimika kutuma michoro ya herufi yenyewe. Mtu akikutana na tatizo kama hili, majaribio hayo mawili yanamtosha kujua ugonjwa uko wapi.

Ningeweza kubadilisha mstari ule kuwa `Download as Softfont` kwenye kompyuta moja na kwenda nyumbani. Lakini wiki iliyofuata kompyuta nyingine ingekuja na ugonjwa mwingine. Seva ilikuwa pale na ilikuwa haifanyi chochote kuhusu printa. Nikamwomba shefu ruhusa ya kuzipitisha printa zote kwenye seva: kiendeshi kimoja kwa kila printa, mipangilio ya mwanzo iliyo sawa, na kila kompyuta ipate printa zake kutoka mahali pamoja. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kazi isisimame hata siku moja.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuzipa printa anwani zisizobadilika. Kabla ya hapo zilikuwa zikipewa anwani mpya kila umeme unaporudi, na baadhi ya kompyuta zilikuwa zikiitafuta printa mahali ilipokuwa jana. Baada ya hapo, kwenye seva, nikaweka kiendeshi kile kipya cha PCL 6, maana ndicho kilichotoa ukurasa wa yaya bila kasoro na ndicho ambacho printa zote tatu zilikikubali. Jina la kiendeshi nililiweka kwenye `$kiendeshi`, herufi kwa herufi kama seva inavyolionyesha, kisha nikaandika:

```
Add-PrinterPort -Name "IP_192.168.10.41" -PrinterHostAddress "192.168.10.41"
Add-Printer -Name "SEKRETARIETI" -DriverName $kiendeshi -PortName "IP_192.168.10.41" -Shared -ShareName "SEKRETARIETI"
```

Jina la printa nililiandika bila nafasi na bila alama juu ya herufi. Mwanaisimu anayepigania toni kwenye memwari anajua pia kwamba jina linaloitwa na mashine liwe jepesi.

Hatua ya pili ndiyo niliyokosea, na naieleza kwa urefu kwa sababu karibu kila mtu hukosea hapo. Seva yetu ilikuwa imewekwa kwa Kiingereza, na eneo lake lilikuwa Marekani. Kwa hiyo kila printa niliyoiunda ilizaliwa ikidhani kwamba karatasi ya dunia ni `Letter`, yenye upana wa milimita 215.9 na urefu wa 279.4. Huku kwetu hakuna mtu anayeuza karatasi hiyo. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Nilifungua printa kwenye seva, nikabonyeza `Preferences`, nikachagua A4, nikachapisha ukurasa wa majaribio, ukatoka vizuri. Nikaunganisha kompyuta ya sekretarieti, nikaenda zangu.

Asubuhi iliyofuata Mama alinisubiri mlangoni.

“Mutoto yangu, emprimanti inakatala. Inalomba karatasi yenye hatuna nayo.”

“Mama, jana nilishachagua A4.”

“Ulichagua yako, pengine.”

Alisema kweli kuliko alivyojua. Dirisha la printa lina milango miwili inayofanana sana. `Preferences`, iliyo kwenye ukurasa wa `General`, ni matakwa ya mtu mmoja: yule aliyeingia kwenye kompyuta kwa wakati huo. `Printing Defaults`, iliyo kwenye ukurasa wa `Advanced`, ni mipangilio ambayo kila mtu mpya anaanza nayo. Skrini zake ni zilezile, vitufe vilevile, hata rangi ni ileile. Mimi niliingia kwenye mlango wa kwanza nikiwa msimamizi, nikamchagulia A4 msimamizi peke yake. Watu wengine wote walirithi `Letter`. Printa ilipoombwa `Letter` na trei yake ina A4, ilisimama na kuwasha taa kungoja karatasi ambayo haiji.

Nikarekebisha kwenye `Printing Defaults`: A4, upande mmoja, nyeusi. Hata hivyo Mama aliendelea kupata `Letter`, kwa sababu siku ile ya kwanza alikuwa ameshafungua mipangilio yake na kubonyeza `OK`, na matakwa ya mtu hushinda mipangilio ya wote. Ilibidi niondoe printa kwenye akaunti yake na kuiunganisha upya. Kutokana na hilo nilijifunza utaratibu ambao sijauvunja tena: malizia mipangilio kwenye seva kwanza, ndipo uunganishe mtu wa kwanza.

Na hata mipangilio sahihi ina mpaka wake. Faili la Word hubeba ukubwa wa karatasi ndani yake. Barua iliyoandikwa zamani kwa `Letter` itaendelea kuomba `Letter` hata kama seva inasema A4. Mama alikuwa na kielelezo cha barua alichokuwa akikinakili kwa miaka. Nilipokifungua na kubadilisha karatasi yake, malalamiko yaliyokuwa yamebaki yakaisha.

Hatua ya tatu ilikuwa kuvifikisha viendeshi kwenye kompyuta. Nilikuwa nadhani seva ikishakuwa na kiendeshi, kompyuta hazihitaji tena. Si hivyo. Katika Windows ya kawaida, ukurasa hutafsiriwa kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe, si kwenye seva. Utaona kisanduku chake kwenye ukurasa wa `Sharing`, kimeandikwa `Render print jobs on client computers`. Seva inapokea kazi ambayo imeshatafsiriwa, inaipanga kwenye foleni na kuipeleka. Kwa hiyo kompyuta yenye kiendeshi kibovu itaharibu ɔ hata ikipitia seva nzuri. Kinachotakiwa ni kiendeshi kilekile, toleo lilelile, pande zote mbili.

Zamani kompyuta ilijichukulia kiendeshi kutoka kwa seva bila kumuuliza mtu. Hilo lilibadilika mwaka 2021. Mwezi wa Julai mwaka huo ilitangazwa hatari iliyoitwa PrintNightmare, yenye namba CVE-2021-34527: mtu mwenye akaunti ya kawaida aliweza kuipa huduma ya uchapishaji ya Windows kiendeshi cha uongo, nayo huduma ikakitekeleza kwa mamlaka yote ya kompyuta. Tangu masasisho ya tarehe 10 Agosti 2021, kuweka kiendeshi kinachotoka kwenye seva kunahitaji msimamizi. Ndiyo maana watu wangu wa uhasibu walipojaribu kuunganisha printa waliombwa nywila ambayo hawana.

Rafiki mmoja fundi alinishauri njia ya mkato: kwenda kwenye rejista na kuweka `RestrictDriverInstallationToAdministrators` kuwa 0. Dirisha la nywila lingetoweka, ni kweli, lakini na ule mlango wa mwaka 2021 ungefunguka tena kwenye kompyuta 18. Nilichagua kuweka kiendeshi mapema, kwa hati inayoendeshwa kompyuta inapowashwa, kabla mtu hajaingia. Hati hiyo hufanya kazi kwa mamlaka ya kompyuta yenyewe, si ya mtu:

```
pnputil /add-driver \\SEVA1\viendeshi\*.inf /install
```

Mstari wa pili wa hati ni `Add-PrinterDriver -Name` ukifuatwa na jina lilelile la kiendeshi. Kompyuta ikishakuwa nacho, na toleo likiwa sawa na la seva, haina haja ya kupakua chochote, na mtu haombwi nywila. Matoleo yakitofautiana hata kidogo, dirisha linarudi. Hivyo dirisha hilo likionekana siku moja, jambo la kwanza ninaloangalia ni toleo.

Hatua ya nne, ya kuzigawa printa zenyewe, ilikuwa fupi. Kwenye sera za seva kuna mahali panapoitwa `User Configuration`, kisha `Preferences`, `Control Panel Settings`, `Printers`. Nikaongeza `Shared Printer` yenye njia `\\SEVA1\SEKRETARIETI` na kuielekeza kwa kundi la sekretarieti tu. Uhasibu na watafsiri wakapata zao. Pale sera inapouliza kitendo nilichagua `Update`. Kuna kingine kinachoitwa `Replace`, kinachofuta printa na kuiunda upya kila sera inapopita. Hicho kingefuta chaguo la mtu anayependa kuchapisha pande mbili, na kingechelewesha kuingia asubuhi.

Sikuzifanya kompyuta zote 18 kwa mkupuo. Nilianza na mbili, ya Mama na ile mbovu ya watafsiri, nikaziacha wiki nzima. Kisha uhasibu. Kisha wengine. Kila nilipomaliza kompyuta moja niliondoa printa zake za zamani, kwa maana zikibaki mtu ataendelea kubonyeza lile jina analolijua, na ɔ zitaendelea kupotea.

Kuna jambo moja ambalo seva imelifanya kuwa baya zaidi. Zamani kila kompyuta ilizungumza na printa moja kwa moja. Sasa seva ikizimika, printa inaweza kuwa inawaka na karatasi zimejaa, na bado hakuna anayechapisha. Kwa mji ambao umeme hukatika, hilo si jambo la kufikirika. Seva ina betri, lakini betri huisha. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya Mama niliacha printa ya pili iitwayo `DHARURA`, inayokwenda moja kwa moja kwenye anwani ya printa, kwa kiendeshi kilekile na A4 ileile. Hiyo si ya kila siku. Mama analijua hilo, na ni mkali kuliko mimi.

Kuhakikisha kwamba kazi imekamilika, ukurasa wa majaribio wa Windows hautoshi. Una nembo na maneno ya kawaida; hauna ɔ hata moja, na ungetoka salama hata kwenye kompyuta ile iliyoharibu memwari. Nilitengeneza wangu. Ni karatasi ya A4 yenye mstari mwembamba unaozunguka pembeni, ili pembe ikikatwa ionekane. Katikati, kwa Times New Roman, nimeandika moto, motó, mɔ́tɔ; na chini yake ɛ na ɔ zikiwa na toni ya juu, ya chini, na bila alama. Niliichapisha kutoka kila kompyuta, moja baada ya nyingine, na nyuma ya kila karatasi nikaandika namba ya kompyuta kwa kalamu. Karatasi 17 zilifanana. Ya 18 ilitoka bila ɔ: kompyuta ya watafsiri iliyokuwa likizoni pamoja na mwenyewe, haikuwashwa kwa wiki tatu, na hati ilikuwa haijapita. Niliiwasha upya, nikachapisha tena.

Karatasi hiyo sasa imebandikwa ukutani juu ya printa. Juzi mwanafunzi mwingine wa kitivo chetu alikuja na orodha yake ya maneno, akaiona, akasoma yale maneno matatu kwa sauti, toni kwa toni, ndipo akampa Mama kijiti chake. Mama hakuniita.